Fundi anasema jumbe nimezitengeneza: kuhifadhi gumzo la WhatsApp ili lisimame mahakamani

*Habari wakili. Niko Mombasa. Februari 2025 nilimwagiza fundi seremala milango sita na fremu zake kwa Sh180,000, tukapatana kwa WhatsApp tu, hakuna karatasi. Nimemtumia Sh120,000 kwa M-Pesa mara mbili. Ameleta milango miwili. Sasa anasema bei ilikuwa Sh260,000, na nilipomwonyesha skrinshoti akasema nimezitengeneza. Jumbe nyingine amezifuta, na juzi amewasha zile zinazopotea baada ya siku saba. Simu yangu imepasuka kioo na mume wangu anataka kuninunulia nyingine. Nifanye nini ushahidi usipotee, na nitaonyeshaje kwamba ni wa kweli?*

Dada yangu, la kwanza kabisa: simu hiyo isiuzwe, asipewe mtoto kuchezea, wala mtu asiifute yote ili ianze upya. Simu ndiyo ushahidi wenyewe. Skrinshoti, faili na karatasi utakazochapisha ni nakala zake, na nakala ikipingwa, pa kurudi ni pale ilipotoka. Mpinzani wako akisema umezitengeneza, jibu lenye nguvu kuliko yote ni kuifungua simu mbele ya mahakama, kuingia kwenye gumzo, na ujumbe ukaonekana palepale ulipo.

Simu mpya mnaweza kununua, lakini angalieni namna ya kuhama. Ukiisajili WhatsApp ya nambari yako kwenye simu mpya, ile ya zamani hutolewa papo hapo, na gumzo halisomeki tena pale. Njia salama ni kuiacha WhatsApp kuu kwenye simu ya zamani na kuiunganisha simu mpya kama kifaa cha pili: kwenye simu ya zamani nenda *Linked devices*, na kwenye mpya, wakati wa kusajili, chagua *Link as companion device*, kisha uiskani ile alama. Laini yenyewe unaweza kuihamishia kwenye simu mpya kwa ajili ya kupiga na M-Pesa; WhatsApp haihitaji laini kukaa ndani ya simu ya zamani, mradi iwe na intaneti, hata ya kugawiwa na simu nyingine. Sharti moja: simu ya zamani ifunguliwe angalau mara moja kila siku 14, la sivyo vifaa vilivyounganishwa hutolewa.

Kubadilisha kioo hakufuti kitu. Hatari iko kwa fundi wa simu anayeona tatizo jingine akaamua "kuiflash". Kwa hiyo usiipeleke kabla hujamaliza haya ninayoeleza hapa chini, na ukiipeleka, mwambie wazi kwamba abadilishe kioo tu na akikuta lingine akupigie kwanza.

Zile zinazopotea na zile zilizofutwa

Hizi ni mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Kipima muda cha siku saba huhesabu tangu ujumbe ulipotumwa, na hugusa tu jumbe zilizotumwa baada ya yeye kukiwasha. Makubaliano yenu ya Februari hayaguswi. Kilicho hatarini ni mazungumzo ya juzi na jana, na hayo ndiyo ya kuwahi leo. Ukikizima kipima muda sasa, jumbe zitakazokuja baadaye zitabaki, lakini zile ambazo tayari zimetumwa nacho zitaendelea na safari yake ya kupotea. Unaweza kuubonyeza ujumbe kwa muda na kuchagua *Keep*, ila fahamu kwamba mtumaji huarifiwa na ana uwezo wa kuukataza usibaki. Ndiyo maana mpangilio ni huu: kwanza piga picha na utoe nakala ya gumzo, kisha ndipo uguse mipangilio yoyote ambayo ataiona upande wake.

Kufuta kwa ajili ya wote nako kuna mpaka. Mtumaji ana takriban siku mbili tangu kutuma. Zikipita, anaweza kufuta kwake tu, si kwako. Basi ujumbe wake wa Februari uliotaja Sh180,000, kama bado upo kwenye simu yako, hawezi tena kuufikia. Vilevile kuhariri ujumbe kunawezekana ndani ya dakika 15 tu, na ujumbe uliohaririwa hubeba alama ya *Edited*.

Aliyofuta yameacha alama ya *This message was deleted* na saa yake. Ihifadhi alama hiyo, lakini usiipe uzito kuliko iliyo nao. Inathibitisha kwamba kulikuwa na ujumbe na umeondolewa. Haisemi ujumbe huo ulisema nini. Kama uliusoma kabla haujafutwa, unaweza kueleza kwa kinywa ulichokisoma, na hapo mahakama itakupima wewe kama shahidi. Ukiwa na Android na ulikuwa umewasha *Notification history* kabla ya siku hiyo, arifa za saa 24 zilizopita huenda zimebaki na maneno ya mwanzo ya ujumbe. Kama hukuiwasha, kuiwasha leo hakurudishi ya jana. Na wale wanaouza programu za "kurudisha jumbe zilizofutwa" uwaepuke: nyingi huomba ruhusa ya kuingia kila pahali kwenye simu, na baada ya hapo fundi atakuwa na hoja ya haki kwamba simu imechezewa.

Wewe nawe usifute chochote. Najua katika ugomvi wa miezi kadhaa huenda kuna siku ulimtolea maneno makali. Yaache. Yeye anayo kwenye simu yake, na ukiyaondoa upande wako, tofauti kati ya simu mbili ndiyo itakayomsaidia kusema kwamba nakala yako si ya kuaminika, hata kwenye yale ya bei ambayo hukuyagusa.

Kampuni haitakuletea jumbe

Watu wengi hutulia wakidhani kwamba kesi ikifika mahakamani, Safaricom au WhatsApp wataagizwa watoe mazungumzo. Mtandao wa simu hauoni maneno yaliyo ndani ya WhatsApp. Unaona intaneti imetumika, basi. WhatsApp nayo hufunga ujumbe kwenye simu ya mtumaji na kuufungua kwenye simu ya mpokeaji, na ukishafika, haiuhifadhi kwenye mitambo yake. Mazungumzo yenu yapo pahali pawili tu: simu yako na simu yake, pamoja na hifadhi rudufu ambazo kila mmoja wenu huenda amewasha. Hilo la simu mbili tutalirudia, kwa sababu lina faida kubwa kwako.

Kusambaza ujumbe kwa mumeo ili "awe nao" hakuhifadhi chochote cha maana pia. Ujumbe uliosambazwa huonekana umetoka kwako, kwa saa uliyousambaza. Jina la fundi na saa yake ya asili havimo.

Kutoa nakala ya gumzo zima

Kwenye Android fungua gumzo la fundi, bonyeza vile vidoti vitatu, halafu *More*, halafu *Export chat*. Kwenye iPhone fungua gumzo, bonyeza jina juu, teremka hadi *Export Chat*. Utaulizwa kama utie picha na sauti au maandishi pekee. Fanya mara mbili: moja ya maandishi pekee, moja yenye kila kitu. Sababu ni kwamba nakala ya maandishi hubeba hadi jumbe 40,000, ilhali yenye picha na sauti huishia 10,000 za karibuni. Kwa gumzo la fundi mmoja hutafika huko, lakini kundi la biashara hufika.

Kama kitufe kinakataa, tazama kama mmoja wenu amewasha *Advanced chat privacy* kwenye gumzo hilo. Ikiwashwa, kutoa nakala huzuiwa. Hapo utategemea skrinshoti na video, ambazo hata hivyo utazihitaji.

Faili itumie kwenye barua pepe yako au ihifadhi kwenye simu, kisha uihamishe kwenye kompyuta. Ukiifungua utakuta mistari ya namna hii:

```
04/02/2025, 19:14 - Fundi Milango: Sita kwa 180k fremu ndani
04/02/2025, 19:16 - Mama Salma: Sawa. Natuma 70 sasa
04/02/2025, 19:31 - Fundi Milango: Nimepata 70k asante
```

Nimeweka mfano wa kubuni ili uone mambo mawili. La kwanza, nambari ya simu haimo. Nakala hii huandika jina ulilomsevu nalo, na jina "Fundi Milango" ungeweza kumpa mtu yeyote. Kwa hiyo piga skrinshoti ya ukurasa wa maelezo yake, ule unaotokea ukibonyeza jina, ambao una nambari kamili. Kisha, baada ya kuhifadhi hiyo nakala ya kwanza, liondoe jina lake kwenye orodha ya simu yako na utoe nakala ya pili: sasa kila mstari utaanza na nambari yake. Kuondoa jina kwenye orodha hakufuti gumzo. Nakala zote mbili zitunze, na ueleze kwa nini ziko mbili.

La pili ni saa. Simu huandika 19:14, nawe ukiwa kizimbani utasema saa moja na robo usiku. Fundi akiandika "naleta kesho saa nne", Mswahili anaelewa saa nne asubuhi, ambayo simu ingeiandika 10:00. Kesi hupotea mwelekeo kwa jambo dogo kama hili, hasa nyaraka zikitafsiriwa kwa Kiingereza na mtu aliyeandika "4 o'clock". Kwenye maelezo yako taja kila saa kwa namna moja, ile ya simu, na pale fundi alipotumia saa za Kiswahili weka maelezo pembeni, nje ya maneno yake.

Sasa ukweli ambao lazima niuseme: faili hii ni maandishi matupu. Mtu yeyote anaweza kuifungua na kugeuza 260k kuwa 180k kwa sekunde tano, na haitaacha alama. Faida yake ni ukamilifu, kwamba inaonyesha gumzo zima bila kurukwa. Uhalisi hauthibitishi. Kwa hilo tunahitaji mengine.

Skrinshoti, na kwa nini video ya skrini huishinda

Fundi wako anaposema skrinshoti hutengenezwa, hasemi jambo la ajabu. Ziko programu za kuunda gumzo bandia, na kwenye kompyuta mtu anaweza kubadilisha maneno yanayoonekana ndani ya WhatsApp Web, akapiga picha, kisha akafunga. Hata kubadilisha jina la mtu kwenye orodha kunatosha kumfanya binamu yako aonekane ndiye fundi.

Basi piga skrinshoti zako hivi. Usikate kingo. Kila picha ionyeshe jina au nambari juu, na pale inapowezekana ile tarehe inayojitokeza katikati ya gumzo. Unaposogeza, acha ujumbe wa mwisho wa picha ya kwanza uonekane tena mwanzoni mwa picha ya pili, ili isisemekane kuna uliouruka katikati. Usichore duara jekundu wala mshale juu ya picha ya asili. Ukitaka kuonyesha mstari fulani, chora kwenye nakala. Na unapozituma kwa wakili, zitume kama *Document*, kwa sababu picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa zake za ndani.

Kwa jumbe ulizotuma wewe, ubonyeze ujumbe kwa muda na ufungue *Info*. Utaona saa ulipomfikia na, kama hajazima alama za kusoma, saa alipousoma. Taarifa hii haimo kwenye nakala iliyotolewa, kwa hiyo skrinshoti yake ni ya lazima kwa zile jumbe tatu au nne za maana, kama ule uliomwambia "bei ni 180,000 kama tulivyosema" naye akausoma bila kupinga.

Video ya skrini huja na nguvu zaidi, kwa sababu kugushi mwendo mzima ni kazi kubwa kuliko kugushi picha moja. Washa kurekodi skrini, anzia kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu, fungua WhatsApp, ingia kwenye gumzo, bonyeza jina lake nambari ionekane, rudi, kisha panda polepole hadi Februari na ushuke hadi leo bila kukatiza. Usiharakishe, mtu aweze kusoma. Ukipata mtu wa kukuchukua video kwa simu nyingine huku ukifanya hivyo hivyo, ile simu yenye kioo kilichopasuka ikionekana mkononi mwako, ni bora zaidi. Huyo mtu naye anakuwa shahidi wa alichokiona.

Sauti alizokutumia zinahitaji uangalizi wao. Kwenye Android huwa ni faili zenye jina kama `PTT-20250204-WA0003.opus`, na zimo ndani ya nakala uliyotoa pamoja na picha. Faili hiyo usiibadilishe kuwa aina nyingine ukaitupa ya asili. Andika maneno yote neno kwa neno, pamoja na "eeh" na kusitasita, ukitaja dakika na sekunde. Kama alichanganya Kigiriama, tafsiri ifanywe na mtu mwingine ambaye yuko tayari kuweka sahihi yake.

Kuifunga faili isibadilike tena

Ukishakuwa na nakala zako, zinahitaji namna ya kuonyesha kwamba ulichopeleka mahakamani Agosti ndicho kilekile ulichotoa leo. Kompyuta inaweza kusoma faili yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na yaliyomo. Ukiongeza hata nukta moja, mfuatano hubadilika wote. Ni kama lakiri kwenye bahasha: ikiguswa, inajulikana. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda yenye faili na uandike:

```
certutil -hashfile gumzo.zip SHA256
```

Mfuatano utakaotokea ujitumie kwa barua pepe siku hiyohiyo, au umtumie wakili, ili uwe na tarehe iliyowekwa na mtambo usio wako. Kisha faili yenyewe iweke pahali pawili, mathalani flashi na hifadhi ya mtandaoni, na usiifungue kwa programu inayoweza kuihifadhi upya. Kazi fanya kwenye nakala ya nakala.

Mipaka yake uijue pia. Hatua hii inathibitisha kwamba faili haijaguswa tangu leo. Haithibitishi kwamba jana ilikuwa ya kweli. Katika madai ya Sh180,000 si lazima. Ni dakika kumi za kazi zinazofunga mlango mmoja wa ubishi, na mimi ningezitumia.

Kinachoonyesha kwamba ni kweli

Hapa ndipo kesi yako ilipo na nguvu, na haitokani na skrinshoti. Ukweli wa gumzo huthibitika linapokubaliana na vitu ambavyo wewe huna uwezo wa kuvibadilisha.

Chukua taarifa ya M-Pesa ya kuanzia Februari, kwa *334# au kwenye programu ya simu. Itakuja kwenye barua pepe ikiwa PDF yenye neno la siri, na kila muamala una nambari yake ya herufi na tarakimu 10, saa, kiasi, na jina la mpokeaji. Sasa iweke sambamba na gumzo. Katika mfano wangu, saa 19:14 fundi anataja bei, 19:16 unasema unatuma 70, taarifa ya M-Pesa inaonyesha Sh70,000 zimetoka 19:28 kwenda kwa jina lake kamili, na 19:31 anaandika "nimepata 70k". Mtu anayesema mstari wa kwanza umebuniwa sasa ana kazi ya kueleza jinsi mstari wa tatu ulivyopatana na kumbukumbu za Safaricom kwa tofauti ya dakika tatu tu. Taarifa hiyo inajibu pia swali la pili, lile la nani aliandika, kwa sababu pesa zilipokelewa na nambari ileile iliyoandika jumbe, nayo imesajiliwa kwa jina lake. Kama alipokea kwa nambari tofauti na ile ya WhatsApp, tafuta mahali kwenye gumzo alipokupa hiyo nambari ya kutumia. Mstari huo ni wa thamani kubwa kwako.

Halafu kuna milango miwili. Picha alizokutumia akiwa anaitengeneza, tarehe alizosema anaileta, na jirani au mlinzi aliyekuwepo iliposhushwa. Gumzo lisemalo "iko njiani" na mlinzi asemaye aliifungulia geti mchana huo ni vitu viwili vinavyoshikana.

Na simu yake. Wewe unasema mazungumzo ni haya. Yeye anasema umeyageuza. Basi mwenye mazungumzo ya kweli yaliyo tofauti ni yeye, na yako mfukoni mwake. Kwenye barua ya madai, mtake kwa maandishi alete nakala yake ya gumzo zima la kuanzia Februari. Akileta na zikafanana, ubishi umekwisha. Asipoleta, au akileta kipande, mwamuzi ataona mwenyewe. Lakini usiishike simu yake kwa nguvu au kwa ujanja, wala usimtume kijana wa karakana aifungue. Kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na hapo wewe ndiwe utakayeitwa kituoni. Vilevile usiziweke skrinshoti Facebook kumwaibisha. Hazikuongezei ushahidi, na zinampa yeye kesi ya kukushtaki.

Sheria inadai nini

Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu jumbe za kielektroniki kupokewa, na kinasema zisikataliwe kwa sababu tu hazijaletwa katika umbo lake la asili. Uzito wake hupimwa kwa namna zilivyoundwa, zilivyotumwa na kuhifadhiwa, jinsi zilivyolindwa zisibadilike, na jinsi mwandishi wake alivyotambuliwa. Ukitazama, ndiyo hayo tuliyokuwa tukiyafanya.

Kifungu cha 106B kinadai cheti kwa kile kinachochapishwa kutoka kwenye kompyuta, na simu huingia humo. Usiogope neno "cheti". Hakitolewi na ofisi yoyote. Ni karatasi unayoiandika na kuitia sahihi wewe uliyesimamia hicho kifaa. Nyaraka za mahakama huandikwa kwa Kiingereza mara nyingi, lakini yaliyomo ni haya: mimi fulani ni mmiliki na mtumiaji wa simu ya aina hii, nambari ya IMEI hii, ambayo utaipata ukipiga *#06#, yenye laini nambari hii, nimekuwa nikiitumia WhatsApp kila siku katika kipindi chote hicho na ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, isipokuwa kioo kilipasuka tarehe fulani na hakikuathiri yaliyohifadhiwa, tarehe fulani nilitoa nakala ya gumzo kati yangu na nambari fulani kwa kutumia *Export chat*, nikapiga skrinshoti kurasa kadhaa, nikahamishia kwenye kompyuta ya aina fulani na kuchapisha kwa printa fulani, sijabadilisha neno, haya ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu. Kioo kitaje mwenyewe. Kikitajwa na upande wa pili kwanza, kitasikika kama jambo lililofichwa.

Kama skrinshoti zilipigwa na mumeo au karatasi zilichapishwa saiba, sema hivyo. Cheti kinachosema ulifanya yote mwenyewe, halafu ukaulizwa mahakamani ulitumia printa gani ukababaika, ni kibaya kuliko kisichokuwepo.

Dai lako linaingia kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi Sh1,000,000, na sheria yake ya 2016 inasema haifungwi moja kwa moja na kanuni zote za ushahidi. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Hata hivyo peleka cheti. Ni ukurasa mmoja, na fundi akipata wakili, pingamizi la kwanza litakuwa hilo. Kupeleka shauri polisi kama utapeli ni jambo utakalosikia likipendekezwa sana. Mtu aliyeleta milango miwili kati ya sita ni mdaiwa wa mkataba zaidi kuliko mtapeli, na nadhani utapoteza miezi.

Mtaalamu wa kuchunguza simu, anayenakili kumbukumbu zote na kutoa ripoti, kwa kesi hii simwoni kuwa wa lazima. Mtafute ikiwa fundi ataleta gumzo lake nalo likawa tofauti na lako, kwa sababu hapo kuna simu mbili zinazopingana na jicho la kawaida halitoshi. Mtafute pia ikiwa simu itakataa kuwaka kabla hujatoa nakala. Katika hali hiyo usijaribu tena na tena, na usimkubalie mtu wa mtaani aifungue.

Wakili muone ana kwa ana kabla ya kufungua shauri ikiwa fundi atakudai wewe hizo Sh80,000 za tofauti, au ikiwa ndani ya gumzo kuna mahali ulipoandika kitu kinachoweza kusomeka kama kukubali bei mpya, hata kwa "sawa" tupu ya kumaliza mazungumzo. Mpelekee simu yenyewe, nakala zote mbili, taarifa ya M-Pesa, na huo mstari wa "sawa" umwonyeshe wewe mwenyewe, kabla hajauona kwenye majibu ya fundi.